Picha ya Kagunga na neno "leo": jinsi ya kuifuata picha hadi siku ilipoonekana kwanza mtandaoni

Jioni, watu wametoka kazini, picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mmoja wa Mwanga, Kigoma. Inaonyesha ufuko mwembamba uliojaa watu: mabegi, magodoro yaliyokunjwa, sufuria, madumu, watoto wamekaa juu ya mizigo. Nyuma yao mlima unapanda moja kwa moja kutoka mchangani. Mbele, ziwani, meli kubwa ya abiria imetia nanga na mitumbwi inaisogelea. Maneno yaliyokuja nayo ni mafupi: "Kagunga leo asubuhi. Wakimbizi wamefurika, meli imezidiwa. Wajulishe na wengine." Juu yake iko mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huiweka kwenye ujumbe uliopita mikono mitano au zaidi tangu ulipotumwa mara ya kwanza.

Huu ni mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya, lakini umejengwa juu ya jambo lililotokea kweli, na umechaguliwa kwa sababu ni mgumu. Mtu wa Kigoma akiitazama picha ya namna hii haoni kosa lolote. Ni Kagunga kweli, kijiji cha Ziwa Tanganyika kilicho karibu na mpaka wa Burundi; ni meli ya Liemba kweli, ni wakimbizi kweli. Picha nyingi zinazozua taharuki hazikuchezewa hata kidogo. Ni picha halali zilizohamishwa kutoka wakati wake. Uongo haumo ndani ya picha, umo kwenye neno moja la maelezo: "leo". Kwa hiyo kazi yote inakuwa kazi ya tarehe. Picha hii imekuwapo mtandaoni tangu lini?

Swali hilo lina unafuu mmoja mkubwa. Huhitaji kumjua mpigapicha wala saa aliyobonyeza kamera. Ukipata mahali pamoja tu pa kuaminika ambapo picha hiyo ilikuwa tayari imewekwa mwaka jana, au miaka kumi iliyopita, dai la "leo" limekwisha. Unachotafuta ni kikomo: picha ilipigwa si baada ya tarehe fulani. Kadiri unavyokisogeza kikomo nyuma ndivyo unavyokaribia chanzo, lakini hatua ya kwanza tu ya kuaminika tayari inatosha kulijibu kundi.

Faili uliyonayo mkononi

Watu wengi huanza kwa kutazama jina la faili kwenye simu, na hapo ndipo wanapopotea mapema. Kwenye simu za Android picha iliyopokelewa kwa WhatsApp huwa na jina la namna hii:

```
IMG-20250612-WA0031.jpg
```

Tarakimu hizo nane ni mwaka, mwezi na siku, ila ni siku ambayo WhatsApp iliishughulikia faili hiyo kwenye simu. Picha ya mwaka 1997 ikitumwa leo, jina lake litakuwa la leo. Tarehe hiyo haisemi chochote kuhusu kamera.

Picha inapotoka kwenye kamera huwa imebeba ndani yake taarifa zilizofichika: saa ya kupigwa, aina ya simu, wakati mwingine hata mahali. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huzifuta taarifa hizo na kuipunguza picha ukubwa. Facebook na X nazo hazimpi msomaji taarifa hizo. Ndiyo maana kumwomba mtu "akague taarifa za picha" iliyotoka kwenye kundi ni kumpotezea muda. Njia ya kuzipata ni mpigapicha mwenyewe akutumie faili yake kama dokumenti, si kama picha, kwa kuwa dokumenti hupita bila kuguswa. Na hata hapo saa ya kamera inaweza kuwa imewekwa vibaya.

Kwa hiyo ihifadhi picha yenyewe, usipige skrinishoti. Skrinishoti hubeba mstari wa betri, jina la kundi na maandishi ya chini, na mashine ya kutafutia huyahesabu hayo yote kuwa sehemu ya picha. Kama skrinishoti ndiyo pekee uliyonayo, ikate kwanza mpaka ibaki picha tupu.

Kutafuta picha kwa picha

Kutafuta picha kwa picha ni kuipa mashine picha badala ya maneno, nayo ikakuonyesha kurasa ilikowahi kuiona. Kwenye simu, njia iliyo karibu ni Google Lens: fungua `images.google.com` kwenye Chrome, gusa alama ya kamera, chagua picha yako. Bando linalotumika ni dogo, kwani picha ya WhatsApp kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja.

Matokeo ya kwanza huwa yanakatisha tamaa, na sababu yake ni vyema kuijua. Lens ilitengenezwa hasa itambue vitu: kiatu, ua, jengo, mnyama. Ukiipa ufuko wenye watu na meli itakuletea fuko nyingine zenye watu na meli nyingine, kutoka pembe zote za dunia. Hayo ni mafanano tu, si picha yako. Tafuta sehemu iliyoandikwa "Exact matches" na ubonyeze hapo; ndipo inapokupa kurasa zenye picha ileile. Pia kuna sehemu ya "About this image", ambayo mara nyingine hueleza Google iliiona picha hiyo, au inayofanana nayo, tangu takriban lini.

TinEye, iliyopo tangu 2008 na inapatikana kwa `tineye.com`, hufanya kazi kwa namna nyingine. Haijali ndani ya picha kuna nini. Inachukua kama alama ya kidole ya picha nzima na kutafuta nakala zake, hata zilizopunguzwa, kukatwa kidogo au kubadilishwa rangi. Hazina yake ni ndogo kuliko ya Google, hivyo mara nyingi itakujibu haina kitu. Ila ikipata, ina jambo ambalo kwa kazi hii ni dhahabu: unaweza kupanga matokeo kwa "Oldest", yaani ya zamani zaidi kwanza, na kila tokeo lina maneno "First found on" na tarehe. Yandex, injini ya Warusi, nayo ijaribiwe, kwa kuwa mara kwa mara hutambua mandhari na majengo ambayo wengine wameyakosa. Bing ni ya nne. Kukosa kwenye moja hakumaanishi kukosa kwenye zote, kwa sababu kila moja imepita kurasa zake yenyewe.

Zote zikikataa, badilisha unachozipa. Katika picha yetu umati ni sehemu isiyosaidia, maana umati unafanana na umati wowote. Kata picha ibaki meli na mstari wa mlima nyuma yake, kisha tafuta tena. Mstari wa mlima ni kitu cha pekee kama sahihi ya mtu.

Kuna na hila ya kugeuza. Anayetaka picha isipatikane huigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo, kulia ikawa kushoto, na alama ya kidole ya TinEye ikavurugika. Dalili zake ziko kwenye maandishi: jina la meli, namba ubavuni mwa boti, maneno kwenye fulana au maturubai. Hata pasipo na maandishi, mwenyeji ana kipimo. Ukisimama ufukoni Kagunga ukitazama ziwa, Burundi iko mkono wako wa kulia. Picha iliyopigwa kutoka majini kuelekea nchi kavu lazima iwe na kaskazini upande wa kushoto. Kama mlima unaoujua umehamia upande usio wake, igeuze picha kwenye programu ya kuhariri ya simu yako na uanze upya.

Tarehe tatu ambazo watu huzichanganya

Tuseme TinEye imejibu. Imeonyesha nakala sita, na ya zamani zaidi imeandikwa "First found on May 23, 2015". Wengi hufunga kazi hapo na kuandika kwenye kundi kwamba picha ilipigwa tarehe 23 Mei 2015. Wamekosea, ingawa wako karibu na ukweli.

Tarehe hiyo ni ya mashine. Ndiyo siku roboti ya TinEye ilipopita kwenye ukurasa huo na kuiona picha. Picha inaweza kuwa ilikaa hapo siku mbili kabla, au miaka miwili. Ya pili ni tarehe ya ukurasa, ambayo mwenye tovuti ameiandika juu ya habari. Ya tatu ni tarehe ya picha yenyewe kuwekwa pale. Hizi tatu zinaweza kuachana sana, na makosa mengi ya wakaguzi wazuri hutokea kati ya ya pili na ya tatu.

Ona linavyotokea. Unafungua tokeo la Google linaloonyesha ukurasa wa mwaka 2011, na picha yako imo. Moyo unaruka. Kisha unaangalia vizuri: habari ni ya 2011 kweli, inahusu bei ya mawese, lakini pembeni kuna kisanduku cha "Habari nyingine" ambacho tovuti hukibadilisha kila siku. Picha yako imo kwenye kisanduku hicho. Ukurasa ni wa zamani, picha ni ya juzi. Google imeunganisha picha na tarehe ya ukurasa kwa sababu vyote viwili viliishi kwenye anwani moja siku roboti yake ilipopita. Kanuni ya kufuata ni kwamba picha ihesabiwe tu ikiwa iko ndani ya habari yenyewe na maelezo ya chini yake yanazungumzia jambo hilohilo.

Tofauti nyingine ni habari iliyoandikwa zamani na kuhaririwa baadaye. Mhariri anaweza kuongeza picha mpya kwenye makala ya miaka mitano nyuma bila kubadilisha tarehe ya juu. Facebook nayo imewahi kuwaruhusu wenye kurasa kuipa posti tarehe ya nyuma. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa na mwenye ukurasa ni ushahidi wa mtu anayejisemea. Unasikilizwa, lakini hautoshi peke yake.

Baadhi ya tovuti huacha alama kwenye anwani ya picha. Bonyeza picha kwa muda, chagua kuifungua kwenye kichupo kipya, usome anwani juu. Tovuti zinazotumia WordPress, na hapa kwetu ni nyingi mno, hupanga picha kwa mwaka na mwezi:

```
/wp-content/uploads/2015/05/kagunga-1.jpg
```

Hapo unasoma Mei 2015. Ni dokezo zuri, lakini si muhuri. Picha inapopandishwa ndani ya habari iliyokwisha kuchapishwa, WordPress inaweza kuiweka kwenye folda ya mwezi wa habari hiyo, si wa siku picha ilipopandishwa. Kinyume chake, tovuti ikihamishwa kwenda kwenye mfumo mpya, picha za miaka yote zinaweza kuangukia folda ya mwezi wa kuhama. Ukiona tovuti ambayo kila picha yake, ya mpira na ya msiba, iko kwenye mwezi mmoja, ujue ulikuwa mwezi wa kuhama.

Shahidi wa tatu

Anayehitajika ni shahidi ambaye si mwenye tovuti wala si mashine ya kutafutia. Huyo ni hifadhi ya mtandao ya Wayback Machine, kwenye `web.archive.org`, inayopita ikinakili kurasa na kuandika saa ya kila nakala. Nakili anwani ya ukurasa uliopata, ibandike hapo, na kalenda itafunguka ikiwa na alama kwenye siku ambazo nakala zilichukuliwa. Chagua ya zamani kuliko zote.

Juu ya nakala hiyo anwani itakuwa na tarakimu kumi na nne:

```
web.archive.org/web/20150518223000/
```

Soma kutoka kushoto: mwaka 2015, mwezi wa 05, siku ya 18, halafu saa 22, dakika 30, sekunde 00. Saa hizo ni za UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Kwa hiyo nakala hii ya mfano ilichukuliwa saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 19 kwa saa za Kigoma. Tofauti hiyo ya siku moja inaonekana ndogo mpaka utakapokuta nakala mbili zinazogombania utangulizi, moja ikiwa na saa za hifadhi na nyingine ikiwa posti ya Facebook inayoonyeshwa kwa saa za simu yako. Zibadilishe zote ziwe saa za mahali pamoja kabla ya kulinganisha.

Kuna mtego ambao hata wazoefu huukanyaga. Ukurasa uliohifadhiwa hujengwa upya kutoka vipande, na picha iliyomo inaweza kuwa ilinakiliwa siku tofauti na maandishi. Unaweza kuwa unasoma maandishi ya Mei 2015 huku kisanduku cha picha kikijazwa na faili iliyochukuliwa 2019. Dawa yake ni ileile ya kubonyeza picha na kuifungua peke yake, kisha kusoma tarakimu kumi na nne za picha. Zikikaribiana na za ukurasa, umepata ushahidi imara. Zikiachana miaka, ulichonacho ni tarehe ya maandishi tu.

Ukurasa usipokuwa kwenye hifadhi, rudi kwenye maneno. Google hukubali mipaka ya tarehe ndani ya utafutaji:

```
Kagunga Liemba after:2015-04-20 before:2015-06-30
```

Rudia kwa lugha nyingine. Tukio la Kagunga liliandikwa sana kwa Kifaransa, kwa sababu waliokimbia walitoka Burundi, na mtu anayetafuta kwa Kiswahili pekee hukosa nusu ya kurasa. Andika `réfugiés burundais Kagunga`, kisha `Burundi refugees Kagunga`, na uangalie picha. Kumbuka tu kwamba mipaka hiyo hutegemea tarehe ambayo Google imeikisia, na kisanduku cha pembeni huipotosha vilevile.

Mzazi na mtoto

Sasa una nakala kadhaa. Ipi imezaa ipi? Tarehe zinaweza kukosekana, lakini picha yenyewe inasema. Fungua nakala zote na uzilinganishe kingo. Moja inaonyesha mtumbwi mzima upande wa kushoto, nyingine mtumbwi umekatwa katikati. Aliyekata hawezi kurudisha alichokitupa, kwa hiyo nakala yenye mtumbwi mzima ndiyo iliyo karibu na chanzo. Hali kadhalika ukubwa: yenye upana wa pikseli 2,000 na inayokuwezesha kusoma jina ubavuni mwa meli haikutokana na ya pikseli 600 iliyofifia. Jihadhari tu na nakala iliyokuzwa kwa programu. Hiyo ni pana lakini kingo za vitu ni laini kama mafuta, na maandishi hayasomeki zaidi ya yalivyosomeka kwenye ndogo.

Nembo pia huongea. Nakala yenye nembo ya ukurasa fulani wa Facebook pembeni ni mtoto au mjukuu. Ukipata nakala safi yenye jina la mpigapicha na shirika lake chini, pamoja na maelezo yanayotaja mahali, siku na kilichokuwa kikiendelea, umefika mlangoni kwa mzazi. Mashirika ya habari na ya wakimbizi huandika maelezo hayo kwa utaratibu, na hapo ndipo tarehe ya kupigwa, si ya kuwekwa tu, hupatikana. Angalia kama chini pameandikwa "picha ya maktaba" au "file photo". Maneno hayo yanamaanisha mhariri mwenyewe anakiri kwamba picha si ya siku ya habari, na mara nyingi ndiyo yanayoachwa picha inaponakiliwa kwenda kwenye makundi.

Kupima na historia

Ukishapata tarehe, ipime na matukio. Mwisho wa Aprili 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa kuwa mgombea kwa muhula wa tatu, Warundi walizidi kuikimbia nchi, na maelfu kwa maelfu wakaingia Kagunga. Kijiji kile kimebanwa kati ya mlima na ziwa, na njia ya kuwatoa watu wengi kiasi kile ilikuwa maji. Liemba haikuweza kufunga ufukoni, ikatia nanga mbele na mitumbwi ikapeleka watu. Walishushwa Kigoma, wakapitishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kipindupindu kiliwakumba katika siku hizohizo za Mei. Picha yetu inalingana na hayo yote: ufuko, mitumbwi, meli iliyosimama mbali. Tarehe ya katikati ya Mei 2015 inakaa sawasawa.

Meli peke yake isingetosha. Liemba ilizinduliwa Kigoma mwaka 1915 na imebeba wakimbizi zaidi ya mara moja. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha Wakongo kwao. Picha ya Liemba iliyojaa watu inaweza kuwa ya wakati huo, ikaskaniwa na kuwekwa mtandaoni miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu kuonekana kwa mara ya kwanza mtandaoni hakulingani na kupigwa. Hata hivyo meli inasaidia kwa upande mwingine: baada ya hapo Liemba ilikaa muda mrefu bila safari ikisubiri ukarabati, kwa hiyo anayedai picha ya "leo" inaionyesha kazini lazima aeleze kwanza kama siku hiyo meli ilikuwa ikisafiri.

Vitu vidogo navyo visipuuzwe. Mifuko ya rambo mikononi mwa watu ni mfano. Tanzania iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, hivyo ufuko uliojaa rambo unaelekea kuwa wa kabla ya hapo. Lakini ni dokezo tu, na kwa Kagunga ni dokezo dhaifu zaidi, kwa kuwa waliovuka walitoka na mizigo yao upande wa pili wa mpaka.

Usipopata kitu

Injini zote nne zikikosa, bado hujathibitisha kwamba picha ni mpya. Mashine hizi haziingii kwenye WhatsApp, wala kwenye makundi ya Facebook yaliyofungwa, na sehemu kubwa ya picha za mkoa wetu huishi na kufia humohumo. Picha iliyozunguka kwenye makundi ya Ujiji miaka minne bila kuwekwa kwenye tovuti yoyote itaonekana kama imezaliwa jana. Kukuta ni ushahidi; kutokukuta ni kimya tu. Wakati huo fuata mikono ya watu: muulize aliyeileta kwenye kundi ameipata wapi, na huyo naye, ukiomba kila mmoja akutajie saa aliyoipokea. Mara nyingi mnyororo unakatika hatua ya tatu, lakini mara nyingine unafika kwa mtu aliyekuwapo na ambaye bado ana faili yenye saa ya kamera.

Jambo jingine linalowaponyoka watu wanapofurahia ugunduzi wao: picha kuwa ya zamani hakufanyi habari kuwa ya uongo. Inawezekana kuna watu wamevuka leo kweli, na mtu asiye na picha ya leo akachukua ya 2015. Hayo ni madai mawili na kila moja linajibiwa peke yake. La picha linajibiwa mtandaoni. La habari linajibiwa Kibirizi, zinakofika boti kutoka Kagunga, kwa kuwauliza walioshuka asubuhi hiyo wameacha hali gani, na kwa viongozi wa kijiji.

Kulijibu kundi

Kabla ya kujibu, hifadhi ulichokipata, kwa sababu kurasa hufutwa. Kwenye `web.archive.org/save` bandika anwani ya ukurasa na itanakiliwa hapohapo. Kisha andika kwa ufupi, ukitaja kile tu ulichokithibitisha. Aliyeileta akiwa mtu mzima, ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo mzee. Picha hii ni ya Kagunga kweli, ila si ya leo. Ilikuwa tayari kwenye tovuti ya habari tarehe 19 Mei 2015, Warundi walipokuwa wakivushwa na Liemba kuja Kigoma. Linki ya habari ni hii, na ya nakala iliyohifadhiwa siku hiyo ni hii. Hali ya leo bado tunawauliza wanaoshuka Kibirizi."

Angalia kwamba haikusemwa "ilipigwa tarehe 19". Ilisemwa "ilikuwa tayari". Kesho akitokea mtu na nakala ya tarehe 17, jibu lako halitaanguka. Kikomo kitakuwa kimesogea siku mbili tu.

Ukiona haja ya kuirudisha picha yenyewe, andika juu yake "YA MEI 2015" kwa herufi nene katikati, juu ya watu na meli. Usiandike pembeni. Maneno ya ujumbe hubaki nyuma picha inapofowadiwa, na maandishi ya pembeni hukatwa kwa kidole kimoja.